Je, Wajua? Milinganyo Mitatu na Safu ya Sifuri

Je, wajua kwamba njia ya kutafuta x, y na z kutoka katika milinganyo mitatu, ile inayofundishwa leo kwa kupunguza safu za matriki, ilikwisha kuandikwa hatua kwa hatua nchini China zama za utawala wa Han, takriban miaka elfu mbili iliyopita? Kitabu kinaitwa Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu. Sura yake ya nane ina maswali 18, na yote yanahusu kazi hii.

Swali la kwanza la sura hiyo ni la mavuno. Miganda 3 ya nafaka ya daraja la juu, 2 ya daraja la kati na 1 ya daraja la chini hutoa dou 39 za nafaka. (Dou ni kipimo cha ujazo cha Wachina.) Miganda 2 ya juu, 3 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 34. Mganda 1 wa juu, 2 ya kati na 3 ya chini hutoa dou 26. Swali: mganda mmoja wa kila daraja hutoa dou ngapi?

Je, wajua kwamba hawakuwa na x, wala y, wala alama ya sawasawa? Walikuwa na vijiti na ubao wa kuhesabia. Kila sharti lilipangwa wima, kuanzia kulia kwenda kushoto: juu kabisa idadi ya miganda ya daraja la juu, chini yake ya kati, kisha ya chini, na mwisho kabisa dou zilizopatikana. Mahali kijiti kilipolala ndipo palipoeleza kinahesabu nini. Sisi tunalaza safu zile zile badala ya kuzisimamisha, na tunapata matriki ya swali, ambayo kwa jina lingine ni milinganyo iliyovuliwa herufi:

```
3  2  1 | 39
2  3  1 | 34
1  2  3 | 26
```

Safu ya juu inasomeka 3x + 2y + z = 39, na nyingine vivyo hivyo. Mstari wa wima umesimama palipokuwa na alama ya sawasawa.

Je, wajua kwamba kazi yote inayofuata inatumia ruhusa tatu tu? Unaweza kubadilishana nafasi za safu mbili. Unaweza kuzidisha safu nzima kwa namba yoyote isiyo sifuri. Unaweza kuongeza au kutoa kiasi chochote cha safu moja kwenye safu nyingine. Sababu ya kuishia hapo ni kwamba kila moja ya hatua hizi inaweza kurudishwa nyuma: uliyetoa mara mbili unaweza kuongeza mara mbili, uliyezidisha kwa 5 unaweza kugawanya kwa 5. Kwa hiyo seti yoyote ya x, y na z iliyokuwa jibu kabla ya hatua inabaki jibu baada yake, na hakuna jibu jipya linalopenya katikati. Kuzidisha kwa sifuri kumekatazwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukishaifanya safu kuwa sifuri tupu kwa kuizidisha, hakuna namba itakayoirudisha, na taarifa iliyokuwamo imepotea.

Je, wajua kwamba Wachina wale walimaliza swali lao bila kugusa sehemu mpaka hatua ya mwisho? Wanafunzi wengi wa leo huanza kwa kugawanya safu ya kwanza kwa 3 ili mbele pakae 1, na mara moja ukurasa unajaa theluthi. Wao walizidisha kwanza, wakatoa baadaye. Safu ya pili ilizidishwa kwa 3, namba inayoongoza safu ya kwanza, ikawa 6, 9, 3 na 102. Kisha safu ya kwanza ikatolewa humo mara mbili, yaani 6, 4, 2 na 78. Kilichobaki ni 0, 5, 1 na 24. Safu ya tatu nayo ilizidishwa kwa 3, ikawa 3, 6, 9 na 78, kisha ikatolewa safu ya kwanza mara moja. Ikabaki 0, 4, 8 na 39.

```
3  2  1 | 39
0  5  1 | 24
0  4  8 | 39
```

Tazama kilichotokea. Daraja la juu limetoweka katika safu mbili za chini, na swali la vitu vitatu limekuwa swali la vitu viwili. Sasa 5 iliyo katikati ndiyo egemeo, yaani namba ya kwanza isiyo sifuri katika safu yake, ambayo tunaitumia kufuta zilizo chini yake. Safu ya tatu inazidishwa kwa 5: 0, 20, 40, 195. Inatolewa safu ya pili mara 4: 0, 20, 4, 96. Inabaki:

```
3  2  1  | 39
0  5  1  | 24
0  0  36 | 99
```

Umbo hili lenye ngazi za sifuri zinazoshuka kwenda kulia ndilo lengo la kazi yote. Safu ya mwisho inasema 36z = 99, hivyo z = 2¾. Unapanda ngazi: 5y + 2¾ = 24, kwa hiyo 5y ni 21¼, na y = 4¼. Unapanda tena: 3x + 8½ + 2¾ = 39, kwa hiyo 3x ni 27¾, na x = 9¼. Majibu hayo matatu, 9¼, 4¼ na 2¾, ndiyo yaliyomo katika kitabu cha kale.

Je, wajua kwamba namba hasi zinaonekana katika sura hiyo hiyo ya nane, tena kwa sababu ya kazi hii hii? Ukitoa safu kutoka safu, mapema au baadaye utatoa kikubwa katika kidogo. Kitabu kina kanuni ya kujumlisha na kutoa namba chanya na hasi. Liu Hui, mwanahisabati aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho mwaka 263, anaeleza kwamba vijiti vyekundu vilisimama kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Kwa maoni yangu huu ndio mlango wa haki kabisa wa kumwingiza mwanafunzi kwenye namba hasi: anakutana nazo akiwa anazihitaji.

Je, wajua kwamba Gauss, ambaye jina lake ndilo linalotajwa na vitabu vya shule, aliitumia njia hii kwa kazi ya anga? Mwaka 1810 alikuwa akishughulikia mwendo wa sayari ndogo iitwayo Pallas, na mahesabu yake yalikuwa na vitu sita visivyojulikana. Jina la pili katika njia inayoitwa Gauss-Jordan ni la Mjerumani Wilhelm Jordan, mtaalamu wa upimaji wa ardhi. Alieleza namna ya kuendelea kufuta hata juu ya maegemeo katika toleo la 1888 la kitabu chake cha upimaji. Watu wengi humchanganya na Mfaransa Camille Jordan, ambaye alikuwa mwanahisabati mkubwa lakini hakuhusika hapa.

Sasa tufike penye utamu.

Je, wajua kwamba milinganyo mitatu inaweza isiwe mitatu? Tuache masharti mawili ya kwanza ya nafaka kama yalivyo, tuliondoe la tatu na kuweka lingine nililolitunga: miganda 4 ya juu, 1 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 44. Kwa macho ni taarifa mpya kabisa. Hakuna safu iliyo mara mbili ya nyingine, na namba zote ni za kawaida. Wengi wangekula kiapo kwamba jibu ni moja.

```
3  2  1 | 39
2  3  1 | 34
4  1  1 | 44
```

Safu ya pili inakwenda kama mwanzo: zidisha kwa 3, toa safu ya kwanza mara 2, unapata 0, 5, 1 na 24. Safu ya tatu unaizidisha kwa 3, inakuwa 12, 3, 3 na 132, kisha unatoa safu ya kwanza mara 4, yaani 12, 8, 4 na 156. Inabaki 0, −5, −1 na −24. Hapo mkono unaanza kuhisi jambo, kwa sababu safu ya tatu ni safu ya pili iliyogeuzwa alama. Zijumlishe:

```
3  2  1 | 39
0  5  1 | 24
0  0  0 | 0
```

Safu ya mwisho inasema 0 = 0. Ni kweli, lakini haitupi habari yoyote kuhusu nafaka. Hapa ndipo wanafunzi wengi hufuta ukurasa wakidhani wamekosea, au huandika kwamba swali halina jibu. Yote mawili si sahihi. Safu ya sifuri ni matokeo halali ya hesabu, nayo inaeleza kwamba mmoja wa milinganyo ulikuwa unarudia yale ambayo mingine miwili ilishayasema. Katika mfano huu siri ni kwamba sharti la tatu ni la kwanza mara mbili ukitoa la pili: 78 toa 34 ni 44, na miganda inafuata mkondo huo huo, 6 toa 2 ni 4, 4 toa 3 ni 1, 2 toa 1 ni 1. Mkulima aliyepima mara ya tatu alifanya kazi ya bure, kwani matokeo yake yangeweza kujulikana kabla hajafungua mganda.

Je, wajua kwamba tofauti ya kati ya majibu yasiyo na idadi na kutokuwa na jibu kabisa hukaa katika namba moja tu? Badilisha 44 iwe 45, uache mengine yote. Upande wa kushoto wa mstari hautikisiki, utaishia sifuri tatu vile vile. Upande wa kulia utakuwa 135 toa 156, yaani −21, na ukijumlisha 24 unabaki na 3. Safu ya mwisho sasa inasema 0 = 3, jambo ambalo x, y na z zozote haziwezi kulitimiza. Masharti yanapingana. Kwa hiyo usitoe hukumu kwa kuona sifuri tatu. Vuka mstari wa wima uangalie namba iliyo ng'ambo: ikiwa nayo ni sifuri, majibu hayana idadi, mradi hakuna safu nyingine inayopinga; ikiwa si sifuri, hakuna jibu.

Turudi kwenye 44. Je, wajua kwamba "majibu yasiyo na idadi" haina maana ya "jibu lolote"? Kosa hili ni kubwa kuliko lile la kufuta ukurasa, maana anayelifanya hudhani amemaliza. Jaribu x = 1, y = 1, z = 1: safu ya kwanza inatoa 6, wala si 39. Majibu ni mengi, lakini yamepangwa kwa utaratibu mkali, na kazi yetu ni kuuandika utaratibu huo.

Fanya hivi. Hesabu maegemeo: 3 inayoongoza safu ya kwanza ipo mahali pa x, na 5 inayoongoza safu ya pili ipo mahali pa y. Mahali pa z hakuna egemeo. Herufi isiyo na egemeo ni herufi huru, na wewe ndiye unayeipa thamani. Idadi ya herufi huru ni idadi ya herufi zote ukitoa idadi ya maegemeo, hapa 3 toa 2, yaani moja. Iite z kwa jina t, namba yoyote upendayo. Safu ya pili inasema 5y + t = 24, hivyo y = (24 − t)/5. Safu ya kwanza inasema 3x = 39 − 2y − t. Weka y uliyoipata, na baada ya kupanga unabaki na x = (49 − t)/5. Majibu yote, bila kuacha hata moja, ni haya:

```
x = (49 − t)/5
y = (24 − t)/5
z = t
```

Weka t = 4 upate x = 9, y = 4, z = 4. Thibitisha kwenye masharti ya mwanzo: 27 + 8 + 4 ni 39, 18 + 12 + 4 ni 34, 36 + 4 + 4 ni 44. Weka t = 9 upate 8, 3 na 9, nayo inakubali. Weka t = 2¾ na utakutana na rafiki wa zamani, 9¼, 4¼ na 2¾. Jibu la Wachina bado limo, ila sasa ni moja kati ya mengi, kwa sababu sharti lililolitenga na mengine tumeliondoa.

Je, wajua kwamba unaweza kuyathibitisha majibu yote kwa pigo moja, bila kujaribu t moja moja? Tazama kinachotokea t ikiongezeka kwa 5: z inapanda 5, x inashuka 1, y inashuka 1. Huo ndio mwelekeo wa majibu, (−1, −1, 5). Uweke upande wa kushoto wa kila mlinganyo, na kila mmoja lazima utoe sifuri: −3 − 2 + 5 ni 0, −2 − 3 + 5 ni 0, −4 − 1 + 5 ni 0. Jumla hazibadiliki hata ukitembea umbali gani katika mwelekeo huo. Ukiwa na jibu moja lililothibitishwa na mwelekeo mmoja uliothibitishwa, kila nukta uliyoiandika ni jibu kweli. Ukaguzi huu huchukua chini ya dakika moja, na ningependa kila mwalimu audai kwenye karatasi.

Kwa umbo, kila mlinganyo wenye herufi tatu ni bapa katika nafasi ya pande tatu. Katika swali la kale, bapa tatu zinakutana kwenye nukta moja. Katika swali letu zinakutana kama kurasa tatu za kitabu kilichofunguliwa: kila ukurasa una mwinamo wake, lakini zote zinashika uti mmoja, na uti huo ndio mstari wa majibu. Ukibadilisha 44 kuwa 45 unausogeza ukurasa wa tatu pembeni bila kuubadilisha mwinamo. Kila bapa mbili bado zinakatana, lakini hakuna tena mahali ambapo zote tatu zipo pamoja.

Je, wajua kwamba wanafunzi wawili wanaweza kuandika majibu yanayoonekana tofauti kabisa, wote wakawa sahihi? Mmoja ameandika kama sisi. Mwingine amemwachia y uhuru, akamwita s, akapata x = s + 5 na z = 24 − 5s. Hana sehemu hata moja, na pengine kazi yake ni safi kuliko yetu. Ni mstari ule ule. Weka s = 4 upate 9, 4, 4; weka s = 3 upate 8, 3, 9. Mistari miwili inayopita kwenye nukta mbili zile zile ni mstari mmoja, kwa hiyo nukta mbili zinatosha kuamua ugomvi. Jibu la mwanafunzi wa pili linaonyesha pia jambo ambalo letu lilificha: x daima inaizidi y kwa 5 kamili. Kwa hiyo hata tusipojua mganda mmoja unatoa nini, tunajua kwa hakika kwamba mganda wa daraja la juu unauzidi wa kati kwa dou 5. Milinganyo isiyotosha kutoa jibu moja inaweza kutosha kabisa kujibu swali ulilokuwa nalo.

Uhalisia nao unapunguza wingi. Nafaka haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo t ni kuanzia 0 hadi 24. Tukidai zaidi kwamba kila mganda utoe dou nzima, t lazima iwe 4, 9, 14, 19 au 24, na majibu yasiyo na idadi yamekuwa matano. Tukidai daraja la kati litoe zaidi ya daraja la chini, kama jina lake linavyotaka, t lazima iwe chini ya 4, na hakuna jibu la dou nzima linalobaki. Masharti haya hayamo ndani ya matriki. Unayaleta mwenyewe kutoka shambani, baada ya kupunguza safu.

Je, wajua kwamba kuna safu ya sifuri ya uongo? Hii ndiyo hatari ninayotaka uikumbuke. Rudi kwenye swali la kale pale lilipofika kwenye safu mbili, 0, 5, 1, 24 na 0, 4, 8, 39. Mtu mwenye haraka anasema: safu ya pili nitaitoa ya tatu, na safu ya tatu nitaitoa ya pili, vyote kwa mara moja. Anapata 0, 1, −7, −15 na 0, −1, 7, 15. Anajumlisha, anapata sifuri tupu, anatangaza kwamba majibu hayana idadi. Lakini swali hilo lina jibu moja! Kosa lake ni kutumia safu ya pili ya zamani baada ya kuwa imekwisha kubadilika. Hatua mbili zilizofanywa sambamba hivyo haziwezi kurudishwa nyuma, na taarifa moja imemwagika katikati. Dawa ni kuandika matriki mpya baada ya kila badiliko, au angalau kuhakikisha kwamba safu unayoitumia kutolea haibadiliki katika hatua hiyo.

Utalijuaje kosa hilo? Chukua jibu moja kati ya yale "yasiyo na idadi" ulirudishe kwenye milinganyo ya mwanzo kabisa. Yeye angesema y = 7z − 15. Kwa z = 3 anapata y = 6 na x = 8. Sharti la kwanza linakubali, 24 + 12 + 3 ni 39. La pili linatoa 16 + 18 + 3, yaani 37, wakati lilitakiwa kutoa 34. Safu ya sifuri ya kweli haishindwi mtihani huu kamwe.

Je, wajua kwamba kompyuta nayo inaweza kuikosa sifuri? Mashine ya kawaida huhifadhi desimali kwa tarakimu za mbili, na 0.1 haiwezi kuandikwa humo kikamilifu. Ukiiambia Python `0.1 + 0.2 - 0.3`, inakurudishia `5.551115123125783e-17`, namba ndogo mno, lakini si sifuri. Fikiria namba hiyo ikikaa mahali ambapo egemeo la tatu lilitakiwa kukosekana. Programu italiona kama egemeo halali, itagawanya kwa hilo, na itakukabidhi "jibu moja" lenye namba za ajabu bila kukuonya. Ukiona majibu ya ukubwa usioelezeka kutoka kwenye milinganyo yenye namba ndogo, shuku hapo kwanza. Namba zako zikiwa nzima au sehemu, tumia chombo kinachohesabu kwa sehemu kamili, kama SymPy:

```python
from sympy import Matrix
Matrix([[3, 2, 1, 39],
        [2, 3, 1, 34],
        [4, 1, 1, 44]]).rref()
```

Itakuonyesha safu 1, 0, 1/5, 49/5, kisha 0, 1, 1/5, 24/5, kisha sifuri tupu. Hapo imefuta mpaka juu ya maegemeo, kwa njia ya Jordan yule mpima ardhi, na x na y zinasomeka moja kwa moja. Mwishoni inaweka `(0, 1)`, ikimaanisha maegemeo yapo safu wima ya kwanza na ya pili, kwa kuwa Python huanza kuhesabu na sifuri. Safu wima iliyokosekana kwenye orodha hiyo, ya tatu, ni ya herufi huru.

Je, wajua kwamba herufi huru zinaweza kuwa mbili? Milinganyo yote mitatu ikiwa ni mmoja uliozidishwa, kwa mfano 39, 78 na 117 huku miganda ikiongezeka kwa kiasi hicho hicho, zinabaki safu mbili za sifuri na egemeo moja. Majibu yanajaza bapa nzima, na unahitaji t na s kuyaandika.

Na je, wajua kwamba hata sura ile ile ya kale ina swali la majibu yasiyo na idadi? Ni swali la 13, la kisima. Familia tano zina kamba za kutekea maji, na kamba za kila familia hazifiki majini. Kamba 2 za familia ya kwanza zikiongezewa 1 ya pili hufika sawasawa. 3 za pili na 1 ya tatu hufika. 4 za tatu na 1 ya nne. 5 za nne na 1 ya tano. 6 za tano na 1 ya kwanza. Vinatafutwa urefu wa kamba tano na kina cha kisima, vitu sita kwa milinganyo mitano. Punguza safu zake na utabaki na herufi moja huru. Kitabu kinatoa jibu moja: kisima 721, kamba 265, 191, 148, 129 na 76, kwa kipimo cha cun. Ukilijaribu linakubali kote, kuanzia 530 + 191 hadi 456 + 265. Lakini zidisha namba zote sita kwa 2, au zigawanye kwa 10, na kila sharti litaendelea kutimia. Liu Hui aliliona hilo. Katika ufafanuzi wake alieleza kwamba namba hizo zinatoa uwiano kati ya kamba na kisima. Kina chenyewe hakijulikani mpaka mtu ashushe kamba na kupima.